Namba Iliyotangulia Masharti Yake

Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba jeshi litakwenda kuzisomba. Wiki chache kabla ya hapo minada ya kusini ilikuwa imekwama. Msimu uliotangulia bei zilikuwa zimevuka shilingi 4,000, kwa hiyo wanunuzi walipokuja na bei zisizofika 3,000 wakulima walikataa kuuza. Tangazo la 3,300 likashuka katikati ya hasira hiyo, na kabla jua halijazama kila mwenye simu Nachingwea, Ruangwa na Liwale alikuwa nalo.

Masharti yalifuata kwa mwendo wake. Korosho za daraja la pili zilikuja kupewa bei yake, shilingi 2,640. Kukaja uhakiki wa mashamba, ili kuwanasa wa kangomba, wale wanaozinunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo na kuziuza kana kwamba wamezilima. Wapo waliosubiri fedha hadi mwaka 2019. Mkulima aliyekuwa ameshapiga hesabu ya kilo zake mara 3,300 alijikuta akidai kitu ambacho karatasi ya malipo haikukitaja, na karani wa chama cha msingi akageuka mtu wa kulaumiwa kwa namba ambayo hakuitangaza yeye.

Kisa hicho kinahusu tangazo la rais, lakini kinachotokea kila msimu kwenye kurasa ndogo za Facebook na magrupu ya WhatsApp ya wilaya hizi kina umbo lilelile. Namba ni nyepesi, hubebeka. Masharti ni mazito, hubaki nyuma. Chapisho linaloandikwa kwa ajili ya watu mia mbili wanaofahamiana, wanaojua ghala lipi na daraja lipi linasemwa, linapofika kwa watu elfu hamsini wasiojua chochote kati ya hayo, huwa limegeuka chapisho jingine ingawa halijabadilika hata herufi.

Ili kuona kazi yenyewe inavyofanyika, tuchukue mfano wa kubuni wenye mazingira ya kweli. Chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, RUNALI, huendesha minada ya korosho kwa niaba ya vyama vya msingi vya wilaya hizo tatu. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha mzigo unakusanywa kwenye ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Matokeo hutolewa kwa bei ya juu na bei ya chini, kwa sababu wanunuzi tofauti hushinda mizigo tofauti. Tuseme mnada umefanyika Nachingwea, bei ya juu ni shilingi 3,400 na ya chini ni 3,250. Saa nane mchana kijana anayesimamia ukurasa wa chama kimoja cha msingi anaandika: “Mnada wa leo Nachingwea: korosho 3,400! Hongereni wakulima.” Anaweka na picha ya magunia, kisha anarudi kwenye mizani.

Saa kumi jioni simu yake imejaa.

Dalili ya kwanza kwamba chapisho limetoka nje ya wenyewe haiko kwenye idadi ya walioipenda picha. Iko kwenye maswali. Wenyeji huuliza, “Mwenyekiti, hiyo ni ghala gani?” au “Na sisi wa Ruangwa tumo?” Wageni huuliza, “Kwani siku hizi korosho Tanzania ni 3,400?” Maswali ya aina ya pili yanapoanza kuyazidi ya kwanza, na waliosambaza wanapokuwa wengi kuliko waliotoa maoni, chapisho linasomwa na watu ambao hawana namna ya kujaza pengo lililoachwa na mwandishi. Kuanzia hapo kila dakika lina wasomaji wapya, na wasomaji hao hawatarudi kesho kusoma marekebisho.

Wengi wanapofikia hatua hii hufuta. Ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza, na sababu yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kimaadili. Mtu anaposambaza chapisho la Facebook kwa kitufe cha kusambaza, anachokipeleka kwenye ukurasa wake ni dirisha linaloonyesha chapisho asilia. Mwenye chapisho akibadilisha maneno, maneno yanabadilika pia kwenye madirisha yote hayo, kwa marafiki wa marafiki asiowajua. Akifuta, madirisha yanabaki matupu, yakisema maudhui hayapatikani, huku skrinshoti zikiendelea kuzunguka bila kipingamizi. Kwa hiyo anayefuta anaiua njia pekee ambayo ingepeleka ufafanuzi kule kule lilikofika kosa. Tena anawapa watu mada mpya: kwa nini wamefuta, nani kawaambia wafute, bei halisi inafichwa na nani?

Kazi ya kwanza, basi, ni kusoma, na inataka watu wawili. Mmoja anapitia maoni yote bila kujibu hata moja, akiyapanga kwa aina ya kutoelewa. Mwingine anapiga simu ofisi ya chama kikuu kuthibitisha bei zote mbili, daraja, na ghala zilizohusika. Katika mfano wetu, baada ya nusu saa ya kusoma inaonekana wazi kwamba watu hawakosei kwa namna mia moja. Wanakosea kwa namna tatu. Wapo wanaodhani kila mkulima wa wilaya atalipwa 3,400. Wapo wanaodhani 3,400 ndiyo itakayoingia benki, yaani makato ya usafirishaji, magunia na tozo za ushirika hayapo. Na wapo wanaodhani hiyo ni bei ya msimu, kwamba aliyepeleka mzigo wiki ijayo naye ataikuta.

Hapo ndipo chapisho asilia linarekebishwa, juu kabisa, kwa maandishi:

“IMEREKEBISHWA saa 10:40 jioni. Mnada wa leo Nachingwea: bei ya juu 3,400, bei ya chini 3,250 kwa kilo, korosho za daraja la kwanza, kabla ya makato. Kila mzigo una bei yake. Bei hizi ni za mzigo uliouzwa leo tu. Mwanzo tuliandika 3,400 peke yake.”

Sentensi ya mwisho ina kazi. Facebook huhifadhi historia ya mabadiliko na mtu yeyote anaweza kuifungua, kwa hiyo anayebadilisha kimyakimya ataumbuliwa na mtu wa kwanza mwenye udadisi. Saa nayo ina kazi: mwenye skrinshoti ya saa tisa ataelewa kwa nini yake haifanani na anayoisoma sasa. Maneno yanaandikwa kwenye chapisho lenyewe, si ndani ya picha peke yake, kwa kuwa wengi vijijini hufungua Facebook kwa namna ya kubana bando ambayo picha hazitokei.

Je, bado kuna haja ya kubandika ufafanuzi juu ya maoni? Ipo, kwa sababu ya tabia ya wasomaji. Chapisho likishakuwa gumzo, watu huruka maneno ya mwandishi na kwenda moja kwa moja kwenye maoni kuona ugomvi. Huko Facebook hupanga kwa yale inayoyaona kuwa na uzito, si kwa saa, na maoni yenye hasira hupata majibu mengi, hivyo hupanda. Ufafanuzi usiobandikwa utazama chini ya “Wezi wakubwa nyie” ndani ya dakika kumi. Ukibandikwa, unabaki wa kwanza kuonekana.

Lakini ufafanuzi huu usirudie neno kwa neno ule wa juu. Wa juu unaeleza bei. Huu ujibu hofu ya anayesoma maoni. Na uanze na lililo kweli, sio na kosa. Mtu anayeandika “Si kweli kwamba kila mkulima atalipwa 3,400” amewapa wasomaji wa haraka namba ileile kwa mara nyingine, na “si kweli” ndiyo inayosahaulika. Afadhali hivi:

“Malipo ya mkulima yanategemea bei ya mzigo aliokuwemo, ukitoa makato yaliyopitishwa kwenye mkutano mkuu wa chama. Kwa mnada wa leo bei ni kati ya 3,250 na 3,400 kabla ya makato. Kujua mzigo wako ulikuwa ghala gani, njoo na stakabadhi ofisini kesho kuanzia saa mbili asubuhi. Malipo yakitoka tutaweka hapa mfano wa hesabu.”

Ahadi ya mwisho isitolewe kama haitatimizwa. Tutaiona tena mbele.

Usimamizi wa maoni ndio unaochosha, na ndio unaotaka busara kuliko yote. Simu inatoa njia tatu ambazo watu huzichanganya. Kuficha maoni kwenye ukurasa wa Facebook kunayaondoa machoni pa umma, ila aliyeandika na marafiki zake wanaendelea kuyaona. Kufuta kunayaondoa kwa wote. Kuzuia kunamtoa mtu mwenyewe kwenye ukurasa. Mtukanaji aliyepandwa na hasira anafaa kufichwa: hajui kwamba amefichwa, hatafuti vita ya pili, na kesho akipoa bado ana nafasi ya kuuliza vizuri. Tapeli hafai kufichwa, maana marafiki zake wataendelea kumwona na huenda wao ndio aliowalenga. Huyo anafutwa na kuzuiwa.

Matapeli hufika mapema kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye chapisho la bei ya mazao huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni akaunti yenye jina linalofanana na la chama, inayowaambia wakulima watume namba za stakabadhi na za simu “ili kuhakikiwa”. Ya pili ni mtu anayeandika, “Mimi nachukua 2,500 taslimu, huna haja ya kusubiri, nipigie.” Huyo ni kangomba anayetangaza biashara mbele ya watu, na ukurasa wa chama cha ushirika ukimwachia hadi asubuhi umemsaidia kutafuta wateja. Yapo pia maoni ya nia njema yenye hatari: mkulima anapiga picha karatasi yake ya malipo ya msimu uliopita, yenye jina, akaunti na kilo, ili kuthibitisha kwamba alikatwa sana. Yafutwe upesi, na aliyeyaweka aelezwe kwa ujumbe wa faragha kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, picha hiyo ni zawadi kwa tapeli wa sura ya kwanza.

Maoni magumu zaidi ni ya malalamiko. “Makato yenu ni makubwa mno.” “Mwaka jana mlitangaza hivi hivi tukalipwa vingine.” “Mizani ya chama inaiba.” Haya yabaki yote, na yajibiwe, moja kwa kila aina, kwa utulivu: “Shikamoo mzee, makato yameorodheshwa kwenye ubao wa ofisi, kama unaona mizani ina kasoro, afisa ushirika wa wilaya anapokea malalamiko hayo.” Msimamizi anayeyaficha anathibitisha yanachosema. Yanayovuka mpaka ni yale yanayomtaja karani fulani kwa jina na kumwita mwizi bila ushahidi. Hayo yanafichwa, na aliyeandika anatumiwa ujumbe wenye kumwonyesha pa kupeleka shauri lake, iwe kwa afisa ushirika au TAKUKURU, ili jambo lake lisife pamoja na maoni yake.

Kichujio cha maneno nacho husaidia, kwa kuwa Facebook huruhusu mwenye ukurasa kuorodhesha maneno ambayo maoni yenye hayo yatajificha yenyewe. Ila orodha hii inaharibiwa kwa urahisi sana. Anayeweka “taslimu nipigie” na “tuma stakabadhi” amewanasa matapeli wengi. Anayeweka “wizi” na “makato” amewafunga mdomo wakulima, na hatajua, maana malalamiko yanapotea kabla hajayasoma. Kipimo kizuri ni kufungua maoni yaliyojificha mara moja kabla ya kulala na kuhesabu mangapi yalikuwa ya watu halali. Yakiwa zaidi ya machache, neno fulani kwenye orodha ni pana mno.

Kufunga maoni yote? Kunavutia ifikapo saa nne usiku. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayaishi. Yanahamia kwenye nakala zilizosambazwa, ambako ukurasa hauna mamlaka ya kuficha wala kubandika. Kwa saa za usiku peke yake, kama hakuna wa kukesha, kufunga kunatetewa, mradi ufafanuzi uliobandikwa useme yatafunguliwa saa ngapi na yafunguliwe saa hiyo.

Yote haya yanatibu Facebook. Nusu ya safari ya namba ile iko WhatsApp, ambako mwenye chapisho hana madaraka kabisa. Huko ujumbe unaweza kuhaririwa na mtumaji kwa dakika 15 tu, na kwenye grupu admini anaweza kuufuta kwa wote au kubandika mwingine juu kwa saa 24, siku 7 au siku 30. WhatsApp iliweka kikomo cha kupeleka ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja mwaka 2019, na Aprili 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwishapita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, uende kwa gumzo moja tu kwa wakati. Kizuizi hicho hakimgusi mtu anayenakili maneno na kuyabandika upya. Kwa mfumo huo ni ujumbe mpya. Ndivyo namba inavyotoroka.

Ufafanuzi unaweza kutumia mlango huohuo. Badala ya kuwaomba watu wapeleke mbele chapisho la Facebook, chama kinatengeneza kadi moja ya picha na kuwatumia moja kwa moja viongozi wa vyama vya msingi, kila mmoja akaiweka kwenye grupu lake na kwenye stetasi yake. Inakwenda kama ujumbe mpya, na inatoka kwa mtu ambaye wanachama wana namba yake. Kadi hiyo ibebe kila kitu ndani yake: bei ya juu na ya chini, daraja, ghala, tarehe, msimu, na maneno “kabla ya makato” kwa herufi kubwa sawa na za bei. Watu watakata skrinshoti. Sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni ndilo litakalokatwa kwanza.

Isitarajiwe kwamba uvumi utafutika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Facebook walifuatilia uvumi uliokuwa ukisambazwa na kuwekewa kiungo cha tovuti ya kuchunguza ukweli kwenye maoni. Waliowekewa kiungo walikuwa wepesi zaidi kufuta walichosambaza, lakini uvumi wenyewe uliendelea kupitia kwa wengine. Kinachowezekana ni kupunguza, na kuhakikisha anayetaka kujua anakuta jibu.

Hapo linabaki lile chapisho la ufuatiliaji, ambalo kurasa nyingi hulisahau kwa sababu zogo limeshapoa. Wasomaji elfu hamsini wameondoka. Waliobaki ni mia mbili wa mwanzo, wenye mizigo ghalani. Kwa hao jambo halijaisha mpaka fedha ziingie. Malipo yakishatoka, ukurasa uweke hesabu moja kamili bila jina la mtu. Kwa mfano wetu: mkulima wa kilo 420, mzigo wake uliuzwa kwa 3,250, sawa na shilingi 1,365,000. Makato, tuseme 150 kwa kilo, ni 63,000. Kinachoingia benki ni 1,302,000. Aliyepiga hesabu ya 3,400 bila makato alitarajia 1,428,000. Tofauti ni 126,000, na inafafanuka mstari kwa mstari: 63,000 ni tofauti ya bei ya mzigo, 63,000 ni makato.

Msomaji anayeona hivyo anaweza kuchukua stakabadhi yake na kurudia hesabu mwenyewe. Ikiwa haimtoki sawa, ana swali mahususi la kumpelekea karani, na karani ana wajibu wa kulijibu. Hesabu hiyohiyo ichapwe na kubandikwa kwenye mlango wa ghala, kwa ajili ya wanachama ambao hawana simu ya kufungua Facebook lakini walisikia 3,400 kwenye kijiwe kama kila mtu.

Kisha ufafanuzi uliobandikwa kwenye chapisho la kwanza ubadilishwe uelekeze kwenye hesabu hii, kwa sababu watu wataendelea kulifikia chapisho la kwanza kupitia nakala za zamani. Na Septemba, kabla minada ya msimu mpya haijaanza, mstari wa juu urekebishwe tena uongezwe maneno mawili: “msimu uliopita”.